Siri Inayobaki Kichwani: Kumbukumbu za Kutafsiri Mkataba wa Kutunza Siri

Mkataba wa kutunza siri hutafsiriwa kwa Kiswahili kwa sababu mojawapo kati ya mbili. Ama mtu atakayeutia sahihi anataka kujua anajifunga kwa lipi, ama pande mbili zimekubaliana kwamba nakala ya Kiswahili nayo itakuwa na nguvu mbele ya mahakama. Kwa vyovyote vile, uzito wa kazi uko katika sehemu tatu: ile inayosema taarifa zipi ni za siri, ile inayohusu mambo ambayo mpokeaji atabaki nayo kichwani baada ya kazi kwisha, na ile inayotaja nafuu atakayopata aliyeumizwa mkataba ukivunjwa. Sehemu hizo zimeshikana. Taarifa zikielezwa vibaya katika ya kwanza, au zikiachiliwa bila kujua katika ya pili, ya tatu hukosa cha kulinda hata ikiandikwa kwa ukali namna gani.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi katika mazingira maalumu. Nakala za Kiswahili ambazo zamani ziliwekwa kwenye droo ya mteja kama msaada wa kusoma sasa hufika mezani kwa hakimu. Ndivyo ilivyotokea hivi karibuni kwa nakala moja ambayo wakili alimletea mwandishi wa kumbukumbu hii, aliyeishi kwa kazi ya kutafsiri mikataba Dar es Salaam. Kampuni iliyopokea siri za mwenzake ilikuwa imeendelea kutumia majedwali yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta zake hata baada ya mkataba kwisha. Ilipoulizwa, ilionyesha sentensi moja tu: mpokeaji anaruhusiwa kutumia “taarifa zilizobaki katika kumbukumbu zake.” Sentensi hiyo iliamsha mambo ambayo mwandishi aliyapitia miaka ya nyuma, na ndiyo yanayosimuliwa hapa kwa mpangilio wake.

Jambo la kwanza alilojifunza halikuwa la maneno. Mtafsiri wa mkataba wa siri ni mpokeaji wa siri kabla hata ya mpokeaji aliyetajwa kwenye mkataba. Katika ofisi ndogo alikoanzia kazi, karibu na Kariakoo, nyaraka zilichapwa kwenye duka la steshenari la jirani. Faili lilipelekwa kwa flashi au kwa Watsapu, kijana wa dukani akalifungua, akachapa, na faili likabaki kwenye kompyuta ya duka pamoja na barua za maombi ya kazi na kadi za harusi. Siku moja mteja aliyekuja kuchukua kazi yake alikuta rasimu ya mkataba wa mtu mwingine imeachwa kwenye meza ya mashine ya kurudufu, na jina la kampuni linasomeka waziwazi. Aliirudisha ofisini kimya kimya, na hakuleta kazi tena.

Mkuu wa ofisi alibadilisha utaratibu wiki hiyohiyo. Ilinunuliwa printa. Kila kazi ya mkataba ilianza kwa hati fupi ambayo mtafsiri na mhariri waliisaini, na mafaili yalikaa kwenye mashine moja yenye nywila. Lililokuwa gumu zaidi lilikuwa desturi ya kuulizana. Mtafsiri anapokwama kwenye neno la kiufundi humpigia fundi anayemfahamu, na swali lenyewe hubeba siri. Anayeuliza mtambo wa aina fulani huitwaje na hupimwa kwa nini amekwisha kumweleza fundi huyo kwamba kuna mtu anayenunua mtambo huo. Ikaamuliwa kwamba swali litolewe nje ya sentensi yake: neno liulizwe peke yake, pasipo jina la kampuni, mkoa wala kiasi. Pale ambapo neno halieleweki bila mazingira yake, mteja mwenyewe aulizwe.

Kulikuwa na mahali pengine pa kuvujia ambapo wengi hawakupatazama. Programu za watafsiri huhifadhi kila sentensi ya awali pamoja na tafsiri yake ili ije kutumika tena, na hazina hiyo huitwa kumbukumbu ya tafsiri. Mkataba ukidai nyaraka zote zirudishwe au ziharibiwe kazi ikiisha, kufuta faili la mkataba hakutoshi, kwa kuwa sentensi zake zote zimo kwenye hazina na zinaweza kujitokeza katikati ya kazi ya mteja mwingine. Dawa yake ni kufungua hazina mpya kwa kila mteja wa aina hiyo, kisha kuifuta pamoja na faili. Istilahi ambazo mtafsiri amejifunza anaondoka nazo, kwa kuwa ni sehemu ya ujuzi wake. Bei, majina na vipimo vya mteja haviingii humo. Mpaka kati ya ujuzi wa mtu na siri ya mwenziwe ndio uliokuja kuwa kiini cha mkataba mgumu kuliko yote aliyoshika.

Kabla ya mkataba huo kulikuwa na mwingine ulioonyesha ugumu wa kueleza siri ni ipi. Mikataba mingi hufuata umbo moja: kwanza wavu mpana unaotupwa juu ya kila kitu kitakachotolewa, kisha orodha fupi ya vitu visivyohesabiwa kuwa siri. Visivyohesabiwa kwa kawaida ni taarifa ambazo watu wote wanazijua, ambazo mpokeaji alikuwa nazo tangu awali, alizozipata kihalali kwa mtu mwingine, au alizozivumbua mwenyewe pasipo kuangalia za mwenzake. Hapo rasimu ya mtafsiri mmoja ilisema kwamba siri hazihusishi “taarifa zilizo mali ya umma.” Masikioni mwa msomaji wa Tanzania, mali ya umma ni magari ya serikali, majengo ya halmashauri, fedha za walipakodi. Mteja alielewa kwamba taarifa zinazotoka serikalini ndizo zisizo siri, akauliza kama leseni yake kutoka wizarani sasa inaweza kuonyeshwa kwa kila mtu. Kifungu kiliandikwa upya: taarifa “zinazojulikana au zinazoweza kupatikana na watu wote, isipokuwa pale zilipojulikana kwa sababu Mpokeaji amevunja mkataba huu.” Ile sehemu ya mwisho ni ya lazima. Bila hiyo, anayevujisha siri leo kesho angesema si siri tena kwa kuwa kila mtu anaijua.

Majina ya wahusika nayo yana mtego. Anayetoa siri kwa mwenzake huelekea kuitwa Mtoa Taarifa, na kwa sarufi hakuna kosa. Lakini Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na mtoa taarifa katika matumizi hayo ni mtu anayeripoti uhalifu au ufisadi. Mkataba wa biashara unaojaa “Mtoa Taarifa” husomeka kana kwamba mmoja wa wahusika anamshtaki mwingine. Mwandishi alizoea kuandika Mtoaji na Mpokeaji, akiwafafanua mara moja mwanzoni. Kwa kitendo chenyewe alitumia kutoa badala ya kufichua, kwa kuwa kufichua kuna harufu ya kufunua kilichofichwa kwa ubaya, hali Mtoaji anapompa Mpokeaji siri kwa hiari yake hafanyi ubaya wowote. Kitendo kile kile kilipokatazwa, kiliandikwa kwa neno hilo hilo na kuongezewa mtu: “kutoa kwa mtu mwingine yeyote.” Neno moja likibaki moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa mkataba, wakili wa upande wa pili hapati pa kusema kwamba kufichua ni kitu kimoja na kutoa ni kingine.

Kisha ukaja mkataba wa korosho. Mwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho mkoani Mtwara, mama wa makamo aliyeanza kwa kubangulia nyumbani, alifikiwa na watengenezaji wa mitambo kutoka nje ya nchi. Walitaka kuja kutazama kazi yake ili wasanifu mtambo wa ukubwa unaowafaa wabanguaji wadogo. Walileta mkataba wao wa kutunza siri kwa Kiingereza, na yeye akataka kuusoma kwa lugha yake kabla ya kuwafungulia mlango.

Siri ya mama huyo ilikuwa ndogo kwa umbo. Korosho ghafi huchemshwa kwa mvuke kabla ya kubanguliwa, ili ganda likakamae na kiini kiachane nalo, kisha hupoozwa kwa saa nyingi kabla ya kupasuliwa. Mvuke ukiwa mfupi mno, ganda halipasuki vizuri na kiini huvunjika. Ukizidi, kiini hubadilika rangi. Korosho nzima nyeupe huuzwa bei ya juu kuliko vipande, kwa hiyo faida yote ya kiwanda imo ndani ya shinikizo la mvuke, dakika za kuchemsha na saa za kupooza kwa kila ukubwa wa korosho. Mama alizipata namba zake kwa miaka ya kujaribu na kupoteza magunia. Zote zilitosha kuandikwa nyuma ya bahasha.

Mkataba wa wageni ulikuwa na ulinzi mzuri katika kurasa za mwanzo. Karibu na mwisho kulikuwa na kifungu cha aina inayopendwa na kampuni kubwa, hasa za teknolojia, ambazo wafanyakazi wake hupokea siri za watu wengi na ambazo hazitaki kila fundi wake awe amefungwa ulimi na kila mkutano aliohudhuria. Kifungu hicho humruhusu mpokeaji kutumia kile ambacho wafanyakazi wake wamebaki nacho akilini. Mtafsiri msaidizi alileta rasimu hii: “Mpokeaji atakuwa huru na mabaki ya Taarifa za Siri yaliyo katika kumbukumbu za wafanyakazi wake.”

Rasimu hiyo ilikuwa na matatizo matatu, na yote yalimwumiza mwenye kiwanda. Neno mabaki humfanya msomaji afikirie makombo, kitu kisicho na thamani kinachosalia baada ya kilicho muhimu kuliwa. Katika kifungu hiki kinachobaki kinaweza kuwa ndicho siri yenyewe. “Kuwa huru na” ni pana kupita asili, kwa sababu asili iliruhusu kutumia tu na haikusema chochote juu ya kuwapa wengine. Baadhi ya mikataba huruhusu yote mawili na mingine moja, na mtafsiri hana mamlaka ya kumwongezea mtu ruhusa ambayo mwenzake hakumpa.

Tatizo la tatu ndilo lililokuja kuonekana tena katika shauri la majedwali. Katika Kiswahili cha ofisini kumbukumbu ni maandishi kabla ya kuwa jambo lolote jingine. Kumbukumbu za kikao huandikwa na kusainiwa, kumbukumbu za hesabu hukaguliwa, na mtunza kumbukumbu ni mtumishi mwenye makabati ya majalada. Umbo la neno halibadiliki kati ya umoja na wingi, na ukiandika “kumbukumbu za wafanyakazi” kwa wingi unasogea moja kwa moja kwenye makabati hayo. Asili ilimaanisha kinyume kabisa: akili tupu, isiyosaidiwa na karatasi. Kifungu kilichokusudiwa kumsamehe fundi asiyeweza kusahau alichokiona kinageuka kibali cha kutumia kila kilichohifadhiwa kwenye mafaili. Wakili aliyeleta shauri hilo aliambiwa hivyo hivyo, na pia kwamba udhaifu unaonekana kwa kusoma tu: sentensi haina neno lolote linalotaja akili, haisemi kitu juu ya maandishi, na haimtaji mtu anayekumbuka bali kampuni, nayo kampuni haina kichwa cha kukumbukia.

Nakala ya mama iliandikwa hivi mwishowe: “Mpokeaji anaruhusiwa kutumia katika shughuli zake taarifa ambazo mfanyakazi wake, aliyezipata kihalali chini ya mkataba huu, anazikumbuka kwa akili yake tu, bila kurejea maandishi, picha, sauti iliyorekodiwa au kifaa chochote, na bila kuwa amezikariri kwa nia ya kuja kuzitumia. Kifungu hiki hakimpi Mpokeaji ruhusa yoyote juu ya hataza au hakimiliki ya Mtoaji.” Ni ndefu kuliko asili. Urefu huo ulistahili, kwa kuwa kila kipande chake ni mpaka ambao mwenye siri anaweza kuuelekezea kidole. Neno kukariri lilifaa hasa. Kila aliyepita darasani anajua tofauti ya kukariri na kukumbuka, na anajua kwamba anayekariri hufanya hivyo kwa makusudi.

Mama alisomewa kifungu hicho mara mbili. Kisha akauliza, “Mwanangu, kwa hiyo wakitoka hapa wakikumbuka dakika zangu, ni zao?”

Alijibiwa kwamba wanaweza kuzitumia, ikiwa hawakuziandika na hawakuzikariri makusudi.

“Na nani atajua kama walikariri?”

Swali hilo lilifika mahali ambapo kifungu chenyewe kinavuja. Mchoro wa kurasa mia hauwezi kubaki kichwani mwa mtu, hivyo mwenye mchoro hapotezi mengi akikubali kifungu cha namna hii. Namba chache hubaki kichwani bila jitihada, na hakuna shahidi anayeweza kuingia akilini mwa mhandisi kuona kama alinuia. Kadiri siri ilivyo fupi ndivyo kifungu kinavyoimeza. Kifungu hicho hicho kinaweza kuwa na madhara madogo kwa mtu mmoja na kuufuta mkataba mzima kwa mwingine, na tofauti hiyo haionekani kwa anayetafsiri pasipo kuuliza siri ni ya aina gani.

Ipo hoja ya haki upande wa pili, na tafsiri nzuri haiifichi. Sheria haimtaki mtu aache ujuzi wake mlangoni anapobadili kazi. Katika kesi ya Faccenda Chicken dhidi ya Fowler, Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1986 ilikataa kumfunga meneja wa mauzo aliyeondoka na kuanzisha biashara yake ya kuuza kuku kwa magari, akiwajua wateja wa mwajiri wake wa zamani, njia na bei. Mahakama ilitenganisha siri halisi ya biashara, ambayo mtu haruhusiwi kuitumia hata baada ya kuacha kazi, na maarifa ambayo yamekwisha kuwa sehemu ya ujuzi wa mfanyakazi. Uamuzi huo hauzibani mahakama za Afrika Mashariki ila unaweza kuzishawishi. Kifungu cha yanayobaki kichwani kinakwenda mbele ya hapo, kwa kuwa chini yake hata siri halisi inaweza kuachiliwa ikiwa tu mtu anaikumbuka. Kwa sababu hiyo mwandishi hakupenda kukiita kifungu cha ujuzi au cha uzoefu, kama wengine walivyokuwa wakipendekeza. Jina hilo lingekipa heshima ya kanuni inayokubalika na wote, na kumficha msomaji kwamba anatoa zaidi ya anachodaiwa na sheria.

Mtafsiri hakurekebisha mkataba. Aliandika dokezo nje yake, la ukurasa mmoja na nusu kwa mteja peke yake, akieleza kifungu kinafanya nini kwa siri kama ile. Wakili wa mama alilichukua dokezo hilo kwenye majadiliano. Wageni walikataa kukifuta kifungu lakini walikubali kukiwekea mpaka: kisihusu “shinikizo, muda wa mvuke na muda wa kupooza kwa kila daraja la korosho.” Maneno hayo yanataja siri kwa aina yake na hayatoi namba. Kama namba zingeorodheshwa kwenye kiambatisho, kiambatisho kingekuwa kimezitoa kwa kila atakayeushika mkataba, akiwemo mtafsiri na karani wa wakili. Na siku ya ziara, mama alifunika geji za boila kwa kitambaa. Mtambo uliweza kusanifiwa bila wageni kuzisoma.

Baada ya hapo ilibaki sehemu ya nafuu, na rasimu yake ilisema kwamba atakayevunja mkataba “atalipa faini ya shilingi milioni 50, na mahakama itatoa zuio kwa kuwa Mtoaji atapata hasara kubwa.” Sentensi moja, makosa matatu tena, kila moja likigusa sheria mahali pake.

Faini hulipwa kwa mamlaka. Asomaye faini huona hakimu, risiti ya serikali na kesi iliyokwisha. Mwenye siri angedhani kwamba fedha zile si zake, na mvunjaji angeweza kudhani kwamba akilipa amemaliza. Kinachokwenda kwa aliyeumizwa ni fidia, na kwa kuwa kiasi chake kimetajwa kabla ya tukio, kiliandikwa kuwa “fidia iliyokadiriwa na kukubaliwa na pande zote.” Nchini Kenya tofauti ya maneno hayo ina hatari zaidi, kwa kuwa mahakama zake zimefuata kanuni ya Uingereza iliyojengwa katika kesi ya Dunlop dhidi ya New Garage ya mwaka 1915, kwamba makadirio ya kweli ya hasara hulipwa lakini kiasi kilichowekwa ili kutisha hakitekelezwi. Kukiita faini au adhabu ni kumpa mshtakiwa hoja yake ya kwanza. Tanzania Bara ilirithi maneno ya sheria ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa, iwe kiliitwa adhabu au la. Milioni 50 kwa hiyo ni dari. Hasara ikionekana kuwa ya milioni 20, mahakama inaweza kutoa 20. Ikiwa ni 80, kifungu hicho hakivuki 50. Mama alielezwa hilo mapema, maana alikuwa akidhani kwamba ametajiwa kiasi cha uhakika.

Kosa la pili lilikuwa kuiahidia mahakama kazi. Watu wawili hawawezi kukubaliana kwamba hakimu atatoa amri. Wanaweza kukubaliana tu kwamba mmoja wao ana haki ya kuiomba, na asili ilisema hivyo hivyo. Ikaandikwa: “Mtoaji atakuwa na haki ya kuiomba mahakama amri ya zuio, bila kuathiri haki yake ya kudai fidia.” Maneno ya mwisho yasipowekwa, msomaji anaweza kuelewa kwamba aliyeomba zuio amechagua njia moja na kuiacha nyingine.

Kosa la tatu lilikuwa dogo machoni na kubwa mahakamani. Hasara kubwa si sawa na hasara isiyofidika kwa fedha. Mahakama za Tanzania hupima maombi ya zuio la muda kwa vigezo vya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, na za Kenya kwa vile vya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973. Zote mbili hutazama kama mwombaji ana hoja ya msingi, kama ataumia kwa namna ambayo fedha haziwezi kufidia, na ni nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likinyimwa. Hasara ya mabilioni inaweza kufidika ikiwa inahesabika. Siri ikishajulikana hairudi kuwa siri, na hilo ndilo lisilofidika. Tafsiri inayosema hasara kubwa inakata uzi unaoufunga mkataba na kigezo cha mahakama, na wakili atakayeishika siku ya shauri atatafuta neno lake asilione. Mwandishi aliandika “madhara ambayo hayawezi kufidiwa kikamilifu kwa fedha.” Alipoona kwamba nafuu, kwa wasomaji wengi, ni kupona maradhi au bei ya chini, aliongeza fasili yake kwenye ukurasa wa mwanzo: amri au malipo ambayo mahakama inaweza kumpa aliyevunjiwa mkataba.

Mkataba wa korosho ulisainiwa kwa lugha mbili. Wageni walitaka Kiingereza kishinde pale nakala zitakapopingana, mama akataka Kiswahili. Walikubaliana kwamba Kiingereza kishinde isipokuwa katika kifungu cha yanayobaki kichwani na mpaka wake, ambako nakala ya Kiswahili ndiyo itakayofuatwa, kwa kuwa ndiyo aliyosomewa aliyekuwa na cha kupoteza. Yeyote atakayeletewa mkataba wa namna hii autie sahihi, atafute kifungu hicho kabla ya kutazama kiasi cha fidia. Kama kinasema kumbukumbu bila kusema akili, au kinamruhusu mpokeaji bila kutaja maandishi, akirudishe kwa mtafsiri kabla ya kushika kalamu.